Fedha Hizi Zimetoka Wapi? Mazungumzo Juu ya Swali la Kaunta ya Benki

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani waliokutana Narung'ombe. Yamechapwa hapa karibu kama yalivyosemwa.)



Kamati iliniandikia ikinitaka niseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelilalamikia. Mnasema ya kwamba mtu akipeleka benki laki mbili anapokewa kwa tabasamu, lakini akipeleka milioni arobaini anakalishwa kwenye kiti na kuulizwa kama mshitakiwa: umezipata wapi, nani kakupa, karatasi ziko wapi? Mwenzetu mmoja kutoka Nachingwea amesema jana usiku kwamba benki siku hizi inaogopa fedha. Nimefanya kazi ya benki miaka mingi, kwanza kwenye kaunta, kisha katika ofisi ya kupitia miamala, na leo ni mstaafu, kwa hiyo naweza kusema bila kumtetea mtu. Sitaeleza sheria yote. Nitashika fedha taslimu tu, na hasa fedha za mkulima na mfanyabiashara wa huku kwetu Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Kwanza, sababu ya swali lenyewe. Mwizi wa fedha nyingi, mla rushwa au muuza dawa za kulevya ana shida moja ambayo mimi na wewe hatuna. Fedha yake ipo ndani ya gunia, na gunia haliwezi kununua ghorofa Dar es Salaam bila watu kuuliza. Inambidi kwanza aiingize benki. Ikishaingia ikahamishwa mara tatu nne, hutoka upande wa pili ikiwa safi kama ya mtu yeyote. Lakini pale mahali pa kuingilia, yaani kaunta ya keshia, ndipo fedha hiyo inapoonekana kwa macho. Ukipita pale umekwisha pita. Kwa hiyo swali linaulizwa pale.

Wala msidhani hayo ni mambo ya mijini peke yake. Jirani zetu wa Liwale wamepakana na pori la Selous. Sensa ya tembo katika eneo lile la Selous mwaka 2009 ilipata tembo karibu 39,000. Mwaka 2013 walihesabiwa wapatao 13,000 tu. Pembe za tembo hao hazikuliwa. Ziliuzwa, na waliouza walilipwa, na malipo hayo yalihitaji mahali pa kulala. Fedha ya namna hiyo haiji benki na bango lililoandikwa pembe za ndovu. Inakuja ikisema: mimi ni fedha ya ufuta, mimi ni fedha ya korosho. Ndiyo maana mkulima wa kweli wa korosho naye anaulizwa, kwa kuwa jina lake ndilo linaloazimwa.

Tanzania ilitunga Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu mwaka 2006. Kwa sheria hiyo benki inalazimika kumjua mteja wake, kumwuliza, kuandika, na kutoa taarifa kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu cha serikali. Keshia asipouliza, anayeadhibiwa ni benki, na pengine keshia mwenyewe.

Tena kuna jambo la dola. Korosho yetu inaponunuliwa na watu wa India au Vietnam, malipo hupitia benki kubwa za nchi za nje ndipo yafike kwetu. Benki hizo za nje zikiingiwa na shaka na benki ya kwetu, hukata uhusiano. Tuliyaona kwa Benki ya FBME. Mwezi Julai mwaka 2014 Wizara ya Fedha ya Marekani ilitangaza kwamba benki ile ni tishio katika utakasishaji wa fedha. Sehemu kubwa ya shughuli zake ilikuwa Kupro, lakini leseni yake ilikuwa ya kwetu. Benki Kuu ikaichukua kuisimamia mwezi ule ule, na mwezi Mei 2017 ikaifutia leseni na kuifilisi. Wenye amana waliambiwa wataanza kulipwa na bima ya amana, ambayo kikomo chake wakati huo kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mtu. Fikiri mwenyewe ulikuwa na milioni mia. Na nchi nzima nayo ilitiwa katika orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha mambo haya, mwezi Oktoba 2022, ikatolewa mwezi Juni 2025. Kwa miaka ile karibu mitatu mabenki yetu yalikuwa yanachunguzwa kwa miwani, na mazoea ya kuuliza yaliyojengeka wakati ule hayakuondoka pamoja na orodha.

Sasa tuingie kaunta. Unapofika na fedha, kuna mambo mawili yanayotendeka, na watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni taarifa ya kiasi. Muamala wowote wa fedha taslimu unaofikia dola 10,000 za Kimarekani, au shilingi za thamani hiyo, hutolewa taarifa kwa Kitengo nilichokitaja. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni milioni 25. Kiwango kikibadilika na hesabu inabadilika. Taarifa hii haina maana kwamba umeshukiwa. Hata akija askofu au shehe na milioni 30 itaandikwa. Ni kama mzani wa barabarani: kila lori hupimwa, na kupimwa si kukamatwa.

La pili ni taarifa ya shaka. Hii haina kima cha chini. Milioni tatu zinaweza kuitoa ikiwa hazifanani na mteja. Na hapa ndipo mtu anapojiletea matatizo kwa mikono yake. Akisikia habari ya milioni 25, husema: basi nitagawa. Leo milioni tisa tawini, mchana milioni nane kwa wakala wa sokoni, kesho tisa nyingine kwa akaunti ya shemeji. Anadhani amekuwa mjanja. Lakini miamala ya siku moja hujumlishwa na mtambo wa benki, hata kama mmoja ulifanyika kwa wakala wa kijijini na mwingine makao makuu ya wilaya. Na huo mgawanyo wenyewe ndio dalili ya kwanza anayofundishwa afisa wa benki kuitafuta. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na fedha halali kabisa, ambaye angeandikiwa taarifa ya kawaida ya kiasi, sasa ameandikiwa taarifa ya shaka. Na afisa akishaiandika haruhusiwi kukuambia, sheria inamkataza. Usimkasirikie ukimwona amekuwa mzito wa kujibu.

Afisa anapokuuliza, kichwani mwake analinganisha vitu viwili tu: fedha iliyo mezani na maisha yako kama benki inavyoyajua. Ulipofungua akaunti uliandika kazi yako na kipato chako. Kama miaka saba iliyopita uliandika mwalimu wa shule ya msingi, na sasa una duka la vifaa vya ujenzi Ruangwa mjini, na hukuwahi kuwaambia, basi benki ingali inamwona mwalimu. Mwalimu huyo akileta milioni 35 kila mwezi, hata mimi ningeuliza. Nendeni mkarekebishe taarifa zenu. Ni kujaza fomu tu, ukiwa na leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi.

Nitatoa mfano, tuufanyie hesabu pamoja. Mfano huu nimeutunga kutokana na mambo niliyoyaona mara nyingi, kwa hiyo msianze kutafuta ni nani. Mzee mmoja wa Narung'ombe anataka kuhamia kwa mwanawe Lindi mjini na kununua nyumba. Anakuja benki na shilingi 46,000,000 ndani ya mfuko wa salfeti. Akaunti yake haijawahi kupokea zaidi ya milioni tisa kwa msimu. Anaulizwa, naye anajibu: "Ni fedha zangu, za jasho langu." Hilo ni jibu la kweli, lakini halina kitu cha kushika.

Mwambie azigawe kwa asili yake, si kwa siku. Shilingi 30,000,000 ni za shamba la mikorosho ekari 12 alilomwuzia mwanakijiji mwenzake. Shilingi 11,000,000 ni akiba ya korosho ya misimu miwili aliyoiweka nyumbani. Shilingi 2,000,000 ni mgawo wa mwisho wa mwaka wa kikundi chake cha kuweka na kukopa. Na shilingi 3,000,000 ni za mbuzi 20 aliowauza mnadani. Jumla 46,000,000. Sasa tuna vitu vinne vya kuthibitisha badala ya kilima kimoja.

Shamba kwanza. Anahitaji hati ya mauziano yenye majina kamili ya wote wawili, namba za vitambulisho vyao vya taifa, mipaka na ukubwa wa shamba, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, na namna malipo yalivyofanyika. Iwe na saini za mashahidi, mtendaji wa kijiji akiwemo. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji ikubali uhamisho huo, kwa hiyo nakala ya muhtasari wa kikao kilichokubali iambatane. Mke naye atie saini ya ridhaa. Nimeona mauzo yakivunjika mwaka mzima baadaye kwa sababu ya saini hiyo. Kama ana hatimiliki ya kimila, namba yake iandikwe. Na suala la kodi ya mauzo ya shamba lipelekwe ofisi ya TRA mapema, kabla ya kwenda benki. Watu wanaikwepa ofisi ile, lakini risiti ya kodi ni ushahidi ambao hakuna afisa wa benki anayeukataa, maana serikali yenyewe imeyatambua mauzo.

Kosa la kawaida hapa ni karatasi kuandikwa baada ya benki kuuliza. Afisa anaona: fedha ililetwa tarehe 4, mkataba una tarehe 9, na wino wa saini zote nne ni wa kalamu moja. Hata kama mauzo yalikuwa ya kweli, karatasi hiyo imemharibia mzee. Hati iandikwe siku ya kulipana.

Lakini njia bora kuliko zote kwa hizi milioni 30 ni kwamba zisingekuwa taslimu. Mnunuzi angezihamisha kutoka akaunti yake kwenda akaunti ya mzee, na kuandika kwenye maelezo kwamba ni malipo ya shamba. Hapo swali la asili ya fedha linabaki kwa mnunuzi na benki yake, na mzee anabaki na hati tu ya kueleza kwa nini amelipwa.

Sasa akiba ya korosho, ambayo ndiyo hasa habari ya huku kwetu. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, hupimiwa na kupewa stakabadhi yenye kilo na daraja, mzigo huuzwa mnadani kupitia chama kikuu, kwetu sisi ni RUNALI, kisha malipo huingia akaunti ya mkulima. Wengi siku hiyo hiyo huzitoa zote wakaziweka nyumbani. Sheria haikatazi. (Walioziweka muda mrefu mno waliona mambo mwaka 2025, Benki Kuu ilipotoa miezi mitatu, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili, kubadilisha noti za matoleo ya zamani. Baada ya hapo noti zile si fedha tena.)

Mzee wetu achukue taarifa ya akaunti ya misimu yote miwili. Inaonyesha kwamba msimu wa kwanza alitoa shilingi 5,400,000 na wa pili 8,000,000. Jumla alitoa 13,400,000, na sasa anarudisha 11,000,000. Tofauti ya 2,400,000 imeliwa, imevaliwa, imelipia ada. Hiyo inaaminika. Lakini kama angedai kwamba akiba ya korosho ni milioni 15, hesabu ingemsuta, kwa kuwa hakuna awezaye kurudisha kingi kuliko alichotoa. Afisa hufanya kutoa na kujumlisha huko huko kwenye kaunta, basi ifanye wewe kwanza nyumbani. Stakabadhi za chama cha msingi zipigwe nakala ziambatane, kwa maana zinaonyesha kilo, na kilo zinaonyesha shamba.

Hilo la kilo na shamba si geni kwenu. Mwezi Novemba mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wenye zaidi ya kilo 1,500 walihakikiwa mashamba yao kabla ya kulipwa. Lengo lilikuwa kuwanasa wafanyabiashara wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa vipimo vya mitaani kwa wakulima wenye njaa kisha wakaja kujiita wakulima. Mtu alisema ana tani kumi. Akaambiwa, twende tukaione mikorosho yako. Wengi wenye haki waliumia kwa kucheleweshwa, na mimi siwezi kuisifu namna zoezi lile lilivyokwenda. Lakini swali lilikuwa lile lile la benki: kiasi hiki kinafanana na chanzo unachokitaja? Ekari mbili za mikorosho michanga hazizai milioni hamsini, hata ukipulizia salfa mpaka mbinguni.

Mgawo wa kikundi ni mwepesi: barua ya kikundi yenye namba ya usajili, saini ya mwenyekiti na mweka hazina, pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari la mzee unaoonyesha hisa zake na mgawo. Kikundi kisichosajiliwa kitampa shida.

Mbuzi je? Mzee ana stakabadhi za ushuru wa mnada kwa mbuzi 12 tu. Wanane wengine aliwauzia mchinjaji bila karatasi. Kwa shilingi 150,000 kila mmoja, hizo ni 1,200,000. Afanyeje? Aseme hivyo hivyo, na aandike katika fomu ya chanzo cha fedha: mbuzi wanane, bei, mwezi, mahali, hakuna stakabadhi. Katika milioni 46, kukosa karatasi ya 1,200,000 si kitu. Maelezo yaliyobaki yanaibeba. Akienda kutengeneza stakabadhi ya uongo kwa ajili ya hizo mbuzi nane, na ikagundulika, zile milioni 44 zilizokuwa na ushahidi safi nazo zinatiliwa shaka. Afisa hatarajii maisha ya mkulima yawe na karatasi kila upande. Kwa uzoefu wangu, faili lenye karatasi kamilifu kupita kiasi ndilo lililokuwa likisomwa mara mbili.

Kuna karatasi mbili ambazo watu huziamini kuliko uwezo wake. Moja ni barua ya mtendaji inayosema fulani ni mkazi wetu mwenye tabia njema. Hiyo inaeleza wewe ni nani. Haisemi fedha imetoka wapi. Ya pili ni hati ya kiapo ya wakili. Kiapo ni neno lako mwenyewe lililopigwa mhuri. Kinasaidia pale ambapo kuna pengo dogo, kama lile la mbuzi, lakini hakiwezi kusimama peke yake chini ya milioni thelathini.

Kwa wengine mlioko hapa ambao si wakulima, kanuni ni ile ile, karatasi tu ndizo hubadilika. Mfanyabiashara alete risiti zake za mashine ya EFD na hesabu za mauzo, na benki itatazama kama fedha anazoleta zinafuatana na mauzo hayo. Mrithi alete uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani na mchanganuo wa mgawo. Mchimbaji mdogo alete nyaraka za kuuza kwenye soko la madini, masoko yaliyoanzishwa kuanzia mwaka 2019. Madini yaliyouzwa kichakani hayana karatasi wala hayataipata.

Jana niliulizwa na mmoja wenu kama si rahisi zaidi kupitisha fedha kwa akaunti ya ndugu. Ndugu yangu, na wewe unayeombwa akaunti yako, sikiliza. Anayekuomba uingize milioni 20 zake kwako, halafu umtolee, akuachie laki tano ya soda, anakununua wewe uwe jibu la swali hili. Kwenye vitabu vya benki fedha ni yako, na atakayeitwa kueleza ni wewe. Udugu hautaonekana kwenye taarifa ya akaunti.

Mwalimu Mkuu mstaafu ameniuliza: na mtu akikamilisha yote, benki ikang'ang'ania? Hilo hutokea, mzee wangu, maana wako maofisa wanaouliza kwa sababu hawajui, na wako wanaouliza ili wapewe chochote. Kwanza omba uandikiwe ni karatasi gani inakosekana. Anayedai chochote huwa hapendi kuandika. Kisha peleka malalamiko ya maandishi kwa meneja wa tawi, nawe ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, au usiporidhika, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, nalo hulipokea shauri lako likiwa na ile nakala. Bila nakala watakurudisha tawini. Na wakati shauri linaendelea, chukua mfuko wako wa salfeti ukauweke mahali salama, usianze kuugawa kwa mawakala.